Midomo, Shingo na Kifua Wakati wa Kiangazi Tabora: Mwongozo Kamili

Mwalimu mmoja alikuja kusukwa saluni kwangu, hapa Tabora mjini, Jumamosi ya mwezi wa nane. Uso wake ulikuwa umetunzwa: anaunawa asubuhi na jioni, anapaka losheni, na siku za jua kali anapaka mafuta ya kuzuia jua. Lakini mdomo wa chini ulikuwa umepasuka katikati hadi damu, na kuzunguka midomo yote kulikuwa na duara jeusi lenye vigamba. Nilipomwinamisha kichwa nianze kuchana, nikaiona shingo. Pembeni, kulia na kushoto, ilikuwa nyeusi kuliko uso, ila chini ya kidevu palibaki kipande cha rangi yake halisi. Kifuani, pale blauzi inapoachia, palikuwa na pembetatu nyeusi yenye mpaka ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

“Dada, nisugue na nini?” akaniuliza.

Nikamwambia asisugue na kitu chochote, kwanza tujue kilichoifanya ngozi iwe hivyo. Tulikaa karibu saa nzima tukichambua siku yake kuanzia anapoamka hadi anapolala, na mambo tuliyoyapata siku hiyo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Midomo: anza kwa kuacha

Ngozi nyekundu ya mdomo haifanani na ngozi ya shavu. Haina vitundu vya jasho, tezi zake za mafuta karibu hazipo kabisa, na tabaka lake la juu ni jembamba sana. Shavu likikauka linajipaka mafuta yake lenyewe kidogo kidogo. Mdomo hauna cha kujipaka. Hapa kwetu mvua zikikatika mwezi wa tano hazirudi kwa uhakika mpaka mwisho wa mwezi wa kumi au baadaye, na katikati yake kuna upepo mkavu na vumbi. Mdomo unapoteza maji siku nzima.

Mtu akihisi ukavu huo anafanya jambo la kwanza linalomjia: analamba. Mate yanalowesha kwa dakika moja, kisha yanakauka na kuondoka na unyevu uliokuwepo. Isitoshe, mate yameumbwa kuanza kumeng'enya chakula, na yakikaa juu ya ngozi nyembamba yanaichoma. Ukiona duara la vigamba au weusi linaloishia pale pale ulimi unapofika, hiyo ni kazi ya kulamba. Mwalimu alinibishia kwamba halambi. Nilimwomba nihesabu tukiwa tunasuka, na kabla sijamaliza mistari mitatu ya nywele nilikuwa nimefika kumi na moja. Alicheka, lakini kuanzia hapo alikuwa anajishika.

Jambo la pili la kuacha ni mafuta ya midomo yanayowasha au kupoza. Yale yenye mentholi au kafuri yanaleta ubaridi unaopendeza, lakini mdomo uliopasuka unachokozwa nayo, mtu anahisi ukavu tena, anapaka tena. Mwalimu alikuwa na kikopo cha namna hiyo kwenye mkoba na anakipaka mara nane au tisa kwa siku. Dawa ya meno yenye mnanaa mkali au mdalasini nayo huwasumbua baadhi ya watu. Ukiona pembeni mwa midomo panawasha kila baada ya kupiga mswaki, badilisha dawa ya meno kwa wiki mbili, chukua ya kawaida isiyo na ladha kali, na suuza midomo kwa maji ukimaliza.

La tatu ni limau. Watu wanalipaka mdomoni ili “kutoa weusi”. Maji ya limau au ndimu yakibaki kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua, yanaweza kuiunguza na kuacha doa jeusi zaidi ya lile ulilotaka kulitoa. Ukishakamua ndimu kwenye samaki au kachumbari, nawa mikono na midomo kwa sabuni kabla ya kutoka juani.

Na kwa kuwa tuko Tabora, lazima nitaje embe. Ganda la embe na utomvu unaotoka kwenye kikonyo vina kitu kinachowaletea baadhi ya watu upele mdomoni, na upele huo mara nyingi hautokei siku ileile bali kesho yake au keshokutwa, kwa hiyo mtu haunganishi. Kama kila msimu wa embe midomo yako inavimba na kuwasha, usimenye kwa meno. Osha embe, menya kwa kisu, kata vipande, nawa mikono ndipo ule. Wengi wanaosema embe linawakataa, kumbe kinachowakataa ni ganda.

Kuuponya mdomo uliopasuka

Mdomo wenye ufa unaotoa damu ninaanza nao kwa mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, basi. Hayaongezi maji, kazi yake ni kuziba ili maji yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo paka mdomo ukiwa na unyevu: lowesha kwa maji safi, gusagusa kwa kitambaa mpaka maji yasidondoke, kisha paka. Fanya hivyo asubuhi, kila baada ya kula, na usiku tabaka nene kabla ya kulala. Usiku una maana zaidi, maana ndipo usipokula wala kuongea. Anayelala mdomo wazi kwa sababu ya mafua ataamka amekauka hata akipaka, na huyo atibiwe pua kwanza.

Vile vigamba vinavyoning'inia visinyofolewe kwa kucha. Kigamba kimoja kikivutwa kinaondoka na ngozi nzima ya jirani yake. Na ule mchanganyiko wa sukari na mafuta unaosifiwa sana usiuguse kabisa mdomo ukiwa na nyufa. Baada ya kuoga, vigamba vikiwa vimelainika, pitisha kitambaa chenye maji mara moja. Kinachotoka kimetoka, kilichobaki hakijawa tayari.

Nyufa zikifunga ndipo unaweza kuhamia mafuta ya nta. Hapa tuna bahati, nta ya nyuki wa miombo ipo, na wauza asali wengi wanajua pa kuipata. Chagua ya manjano, ngumu, inayonukia asali. Nyeusi yenye harufu ya moshi ina taka na ile gundi ya nyuki, ambayo midomo ya watu wengine huikataa.

Katakata nta, iweke kwenye kopo kavu, kopo liweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke kopo moja kwa moja kwenye jiko la mkaa, nta inaweza kushika moto. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, hivyo maji yanayotokota taratibu yanatosha. Ichuje kwenye kitambaa kikavu. Kisha pima kijiko kimoja cha nta iliyoyeyuka kwa vijiko vitatu vya mafuta, ukiwa umepasha kijiko moto ili nta isigandie humo. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanafaa, na kama una ndugu Kigoma akuletee mafuta ya mise, yale ya kokwa la chikichi, ni mazuri mno. Mawese yenyewe yana rangi, yatakuachia midomo na nguo za chungwa. Ya karanga siyatumii, kwa kuwa ukimpa mtu mwingine hujui kama mwili wake unazikataa.

Dondosha tone moja juu ya sahani baridi, subiri ligande, kisha lipitishe kidole. Likiwa gumu hadi linakwaruza, ongeza mafuta kidogo. Likiyeyuka mara tu unapoligusa, ongeza nta, maana kikopo hicho kitabebwa kwenye joto la mwezi wa kumi. Mimina kwenye vikopo vidogo vilivyo vikavu kabisa. Usiongeze asali, maana asali haichanganyiki na mafuta, itazama chini. Usiongeze maji wala manukato. Yakianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa muda mrefu, yatupe. Kabla ya kuyatumia mdomoni, paka kidogo ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa siku nne au tano, uone kama pataleta upele.

Kuna midomo ambayo mafuta haya hayataiponya. Nyufa za kwenye pembe za mdomo zinazorudi kila mara, zenye weupe au ukoko, mara nyingi zina fangasi au bakteria ndani yake, na nyuma yake wakati mwingine kuna upungufu wa damu au meno ya bandia yasiyokaa vizuri. Hizo zinahitaji zahanati. Na kidonda au ukoko juu ya mdomo wa chini ambao wiki tatu zimepita haujapona, nenda hospitali, hata kama hauumi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino nasisitiza hili zaidi, kwa sababu midomo, shingo na kifua chao viko katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi yametengenezwa mahususi kwa ajili yao. Ulizia kliniki ya ngozi au chama cha watu wenye ualbino kilicho karibu.

Shingo: soma weusi kabla ya kuushughulikia

Watu wengi wakiona shingo nyeusi wanadhani ni uchafu. Wanachukua dodoki, sabuni ya mche, wengine hata jiwe la kusugulia miguu. Ngozi yetu ikichubuliwa inajibu kwa kutoa rangi zaidi, kwa hiyo shingo inayosuguliwa kila siku inazidi kuwa nyeusi, na mwenyewe anazidi kusugua. Kwanza simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, uangalie weusi umekaa wapi.

Ukiwa pembeni mwa shingo na kwenye pembetatu ya kifua, huku chini ya kidevu pamebaki rangi yako, hiyo ni kazi ya jua. Kidevu kilitia kivuli hapo. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu, na mwenzake wa jua alikuwa manukato. Kila asubuhi alipuliza marashi pande mbili za shingo na kifuani, kisha akapanda bodaboda kwenda shule, jua likimpiga njia nzima. Baadhi ya viungo vya marashi, hasa vile vya jamii ya ndimu, vikikutana na jua vinaacha madoa. Uso wake hakuupulizia, ndiyo maana ulibaki salama.

Weusi ukifuata mstari wa mkufu, na sehemu hiyo ikawasha, mtuhumiwa ni madini ya mkufu, na mara nyingi ni nikeli iliyomo kwenye mikufu ya bei nafuu. Vua mkufu kwa mwezi mmoja. Ngozi ikitulia umepata jibu.

Madoa mengi madogo, meupe au ya kahawia, yenye unga mwembamba ukiyakwaruza, ni utangotango. Unaletwa na fangasi anayeishi kwenye ngozi zetu sote na anayestawi penye joto na jasho. Dada zangu wa Kigoma, kule kwenye unyevu wa ziwa, wanaujua vizuri kuliko sisi. Losheni haiutibu. Duka la dawa watakupa krimu ya klotrimazoli au shampuu ya ketokonazoli, na ujue kwamba fangasi akishakufa rangi inachukua wiki nyingi kurudi sawa. Madoa kubaki hakumaanishi dawa imeshindwa. Kinachokuonyesha ni ule unga: ukikwaruza na hautoki tena, umepona.

Aina ya mwisho ndiyo ninayotaka kila msomaji aikumbuke. Nyuma ya shingo na kwenye mikunjo yake ngozi inakuwa nyeusi, nene, laini kama mahameli, na mara nyingi kwapani nako ni hivyohivyo. Ukiifuta kwa kitambaa hakitoki kitu. Hali hiyo mara nyingi inasema mwili unashindwa kuitumia vizuri insulini, na kisukari kinaweza kuwa njiani au kimeshafika. Mama mmoja aliyekuwa anasuka kwangu alisugua shingo ya aina hii kwa miaka, binti yake akimwambia haogi vizuri. Nilimwomba akapime sukari. Akaenda, ikakutwa juu, akaanza matibabu. Shingo ya aina hii haina losheni ya kuitibu. Hupungua sukari ikidhibitiwa, na kwa mwenye uzito mkubwa, uzito ukishuka.

Kuhusu mkorogo nitasema kwa ufupi. Krimu za kuchubua zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu, lakini bado zinauzwa, nyingine bila maelezo yoyote kwenye kopo. Shingoni madhara yake yanaonekana mapema: ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, kifuani inatokea michirizi, na ukiacha ghafla panawaka moto. Aliyetumia muda mrefu asiache kwa kubahatisha nyumbani, amwone daktari wa ngozi amwongoze namna ya kutoka.

Utunzaji wenyewe, kila siku

Oga kwa maji ya uvuguvugu. Asubuhi za mwezi wa saba tunapenda maji ya moto, na ndiyo yanayoosha mafuta kidogo iliyo nayo shingo. Tumia kiganja na sabuni laini ya kuogea, dodoki libaki kwa miguu na mgongo. Aliyeweka dawa ya nywele au rangi aisuuze shingo mpaka nyuma ya masikio.

Futa kwa kugusagusa, na kabla ya dakika tatu kupita paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu. Losheni ya kawaida yenye glisirini inatosha. Kile kiasi unachopaka usoni hakitoshi kushuka mpaka kifuani, na hapo ndipo wengi tunapokosea: tunapaka uso, kisha mabaki ya viganjani ndiyo tunayoifuta shingo. Anza na kifua, panda shingoni, nyuma usisahau, halafu malizia uso.

Asubuhi, juu ya losheni, weka mafuta ya kuzuia jua yenye alama SPF 30 au zaidi. Chora mistari miwili juu ya vidole viwili, inatosha uso na mbele ya shingo. Chora mingine miwili kwa nyuma ya shingo na kifua kilicho wazi. Ukikaa juani, rudia baada ya saa mbili. Najua bei yake, chupa moja kwa kiwango hiki haimalizi mwezi. Kama pesa haitoshi, nunua ya uso na midomo, kisha shingo na kifua vifunike kwa nguo. Mtandio wa kitambaa kizito kidogo au kanga iliyokunjwa mara mbili inakinga vizuri kuliko shifoni inayopitisha mwanga. Mafuta ya nta niliyoyaeleza hayazuii jua, kwa hiyo usiyategemee juani, na kofia ya ukingo mpana nayo inaikinga midomo.

Marashi pulizia nguo, usipulizie ngozi.

Kifua kina tahadhari yake pekee. Chunusi za hapo zisikamuliwe. Katikati ya kifua ni mahali ambapo ngozi nyeusi hupenda kuweka kovu la kuvimba, lile linaloendelea kukua kupita jeraha lenyewe, ambalo hospitalini wanaliita kiloidi. Nimeona kovu kubwa kama punje ya hindi lililoanza kwa chunusi moja tu iliyotumbuliwa kwa kucha. Ukitoka jasho jingi, badilisha nguo iliyolowa na oga mapema. Ukitumia mafuta mazito ya nazi kifuani na chunusi zinaongezeka, hamia losheni nyepesi.

Ilivyokuwa kwa mwalimu

Wiki ya kwanza nilimwachisha tu: kikopo cha mentholi, marashi shingoni, dodoki, na limau ambalo alikiri baadaye. Alipewa mafuta ya mgando na losheni isiyo na harufu. Siku ya tano ufa wa mdomo ulifunga, siku ya saba ukafunguka tena alipocheka sana kwenye sherehe, akaanza upya. Mwisho wa wiki ya pili vigamba vilikuwa vimeisha na ngozi kuzunguka midomo ilikuwa laini, ingawa duara jeusi lilibaki. Nilimwandaa kwa hilo tangu mwanzo, maana ngozi inapona kwa siku, lakini rangi inaondoka kwa miezi. Asingelijua, angerudia limau.

Wiki ya tatu tukaanza mafuta ya nta, na asubuhi mtandio wa pamba shingoni akiwa kwenye bodaboda. Mwezi wa kumi mpaka ule wa pembetatu kifuani ulikuwa umefifia, ukiutafuta ndipo unauona. Pembeni mwa shingo bado palikuwa peusi kidogo kuliko chini ya kidevu, nami sikumwahidi tarehe.

Mwezi wa kumi na moja alikuja kufumua nywele, mvua za kwanza zimeshanyesha, akiwa na mfuko wa embe dodo kutoka kwao. Aliziosha bombani, akanipa moja, kisha akaniuliza kama nina kisu.